Aunsi mbili, gramu mbili: kutafuta kosa pale uzito wa kifurushi au dhahabu unapogoma kulingana

Mizani ya nyumbani inasema hivi, ya posta inasema vile. Au umesikia redioni bei ya dhahabu kwa aunsi, ukapiga hesabu ya gramu zako, na mnunuzi akakutajia kiasi kilicho chini sana. Kabla ya kumshuku mtu yeyote, chukua zile namba mbili zinazopingana ugawanye kubwa kwa ndogo. Jibu la mgawanyo huo, mara nyingi, linamtaja mkosaji kwa jina.

Sababu ni kwamba makosa ya aunsi hayatokei ovyo. Kila kosa lina uwiano wake, na uwiano haubadiliki hata uzito ukibadilika. Aunsi ya kawaida, ile ya vifurushi, unga na nyama, ni gramu 28.35. Aunsi ya troi, ile ya dhahabu na fedha, ni gramu 31.10. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate 1.097. Namba hiyo ishike vizuri, kwa maana nusu ya matatizo ya hapa chini yanaishia kwake.

Kwa anayetaka desimali zote: ya kawaida ni 28.349523125 na ya troi ni 31.1034768. Hizi si namba za kukisia. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba paundi moja ni kilo 0.45359237 kamili, na aunsi ya kawaida ni sehemu moja ya kumi na sita ya paundi hiyo. Aunsi zote mbili hujengwa na kipimo kidogo kilekile, greni, chenye uzito wa miligramu 64.8 hivi. Ya kawaida ina greni 437.5, ya troi ina greni 480. Basi tofauti yao ilikuwapo tangu mwanzo, wala haikuletwa na mizani mbovu.

Dalili ya kwanza: posta inapata uzito mkubwa kuliko wako, kwa karibu asilimia kumi

Tuchukue dada anayeishi Minneapolis, anayemtumia kaka yake aliyeko Columbus, Ohio, nakala za vyeti na kitabu chembamba. Ameviweka katika bahasha kubwa ya kaki. Kwa posta ya Marekani, bahasha kubwa ya daraja la kwanza haitakiwi kuzidi aunsi 13. Ikizidi inahesabiwa kuwa kifurushi, na bei yake ni nyingine. Kila sehemu ya aunsi inayozidi hupandishwa hadi aunsi nzima inayofuata.

Nyumbani ana mizani ndogo ya mfukoni, ya aina wanayotumia masonara, inayopima hadi gramu 500. Anaweka bahasha, kioo kinaonyesha 12.38. Anaona bado ana nafasi, anabandika stempu za aunsi 13 na kwenda posta. Dirishani karani anaiweka kwenye mizani yake, inasoma aunsi 13.6. Bahasha imevuka kikomo.

Gawanya: 13.6 kwa 12.38 ni 1.099. Ukikumbuka kwamba mizani ya posta imekata desimali, hiyo ni 1.097 yetu. Bahasha ina gramu 385. Ukizigawa kwa 28.35 unapata aunsi 13.58, ukizigawa kwa 31.10 unapata 12.38. Mizani zote mbili zilikuwa sahihi, ila ile ya nyumbani ilikuwa imewekwa kwenye aunsi ya troi.

Angalia pembeni mwa kioo. Aunsi ya kawaida huandikwa `oz`, ya troi huandikwa `ozt`, na katika mizani nyingi ndogo ile herufi ya mwisho ni ndogo au imefifia kiasi kwamba jicho linaipita. Kitufe cha kubadilisha, `UNIT` au `MODE`, kinazunguka kwa mpangilio: gramu, aunsi, aunsi ya troi, karati na vinginevyo. Ukikibonyeza mara moja zaidi ya ulivyokusudia, umeshaingia upande wa dhahabu.

Ukiwa na shaka na alama za kioo, huhitaji jiwe la kupimia wala sarafu. Weka kitu chochote kizito kidogo, soma gramu, kisha bila kukiondoa badilisha uende kwenye ile aunsi unayoishuku. Gawanya gramu kwa aunsi. Ukipata karibu na 28.35 ni ya kawaida, ukipata karibu na 31.10 ni ya troi. Kitu kiwe na gramu mia moja au zaidi, maana kikiwa chepesi, desimali moja iliyokatwa inatosha kukuchanganya.

Jaribio hili linakuambia kipimo kipi kimewashwa, basi. Halikuambii kama mizani yenyewe ni ya kweli, kwa kuwa mizani inayozidisha gramu itazidisha na aunsi kwa kiwango kilekile. Kwa hilo unahitaji kitu chenye uzito unaojulikana. Aliyeko Marekani ana sarafu ya senti tano, ambayo hutengenezwa kwa gramu 5. Kumi zake zinapaswa kusoma gramu 50, au aunsi 1.76. Aliyeko kwetu apime chupa tupu, abonyeze `TARE` ili mizani irudi sifuri, kisha atie humo maji ya robo lita yaliyopimwa kwa chombo cha kuaminika. Yasipokaribia gramu 250, tatizo ni la mizani na wala si la aunsi.

Ushauri wangu kwa anayetuma mara kwa mara ni kuiacha mizani kwenye gramu na kubandika kando yake kikomo cha posta kwa gramu. Aunsi 13 ni gramu 368.5. Bahasha ya gramu 385 ingeonekana imezidi palepale, kabla hata ya kulamba stempu.

Dalili ya pili: tofauti ni ndogo, asilimia moja hadi sita, na haikomi

Hapa mkosaji ni mtu aliyekata namba. Wapo wanaotumia 28 kwa aunsi moja, na wapo wanaotumia 30 kwa sababu ni rahisi kichwani. Anayetumia 28 atapungukiwa: uwiano wake na ukweli ni 1.0125. Anayetumia 30 atazidisha, uwiano 1.058. Kwa mapishi hakuna shida. Kwa posta shida inatokea pale pale kwenye mpaka.

Barua ya kawaida nchini Marekani mwisho wake ni aunsi 3.5. Hiyo ni gramu 99.2. Mwenye kutumia 30 ataandika kikomo cha gramu 105, na barua yake ya gramu 103 itakataliwa kama barua. Hata anayesema "ni gramu mia tu" amekosea kidogo: gramu 100 ni aunsi 3.53. Uingereza barua ina kikomo cha gramu 100 kamili, kwa hiyo barua inayopita London bila neno inaweza kukwama Chicago kwa chini ya gramu moja.

Kama unafanya hesabu kwenye jedwali la kompyuta, kuna mtego mwingine. Katika Excel na LibreOffice, kazi ya `CONVERT` inatumia `oz` kwa aunsi ya ujazo wa kimiminika. Ukiomba `oz` igeuzwe gramu, itakurudishia kosa. Aunsi ya uzito ni `ozm`, na ya troi haimo kabisa, inabidi uizidishe mwenyewe:

```
=CONVERT(A2,"ozm","g")
=A2*31.1034768
```

Dalili ya tatu: kila mzigo una uwiano wake

Ukigawanya mzigo wa leo ukapata 1.25, wa kesho 1.09, wa keshokutwa 1.4, acha kufikiria aunsi mbili. Uwiano unaorukaruka maana yake kosa liko mahali pengine, na kwa vifurushi vinavyotoka Marekani kuja Dar es Salaam au Mombasa kupitia kwa mawakala, mahali hapo ni pachache.

Pa kwanza ni nukta. Paundi ina aunsi 16, si 10. Mizani ikionyesha `2:10` inamaanisha paundi 2 na aunsi 10, yaani gramu 1,191. Anayenakili akaandika 2.10 amegeuza mzigo kuwa gramu 953. Umepotea uzito wa karibu robo kilo kwa sababu ya nukta moja. Dawa yake ni kugeuza zote ziwe aunsi kwanza: mbili mara 16 ni 32, ongeza 10, zinakuwa 42, ndipo uzidishe kwa 28.35.

Pa pili ni chupa. Kwenye lebo za Marekani, `NET WT 16 OZ` ni uzito, gramu 454. Lakini `16 FL OZ` ni ujazo, mililita 473, na uzito wake unategemea kilichomo. Mafuta ya nazi ya ujazo huo yana gramu 435 hivi kwa sababu ni mepesi kuliko maji, ilhali asali huzidi gramu 650. Hapo kuzidisha kwa 28.35 hakusaidii kitu. Lebo karibu zote zina gramu au mililita pembeni, zisome hizo. Halafu ongeza chupa yenyewe, hasa ikiwa ya kioo.

Pa tatu si kosa la mtu. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa nafasi unayochukua, kutegemea kipi ni kikubwa. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina sentimita za ujazo 24,000. Wakala anayegawa kwa 6,000 atakutoza kilo 4, anayegawa kwa 5,000 atakutoza kilo 4.8, hata kama ndani mna mto tu. Muulize anagawa kwa ngapi kabla ya kuagiza. Kilo hizo hazitoki kwenye aunsi yoyote.

Iwapo tofauti ni gramu zilezile kila mara, tuseme 120 kwa kila mzigo, basi ni boksi na karatasi za kufungia. Uzito ulioandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa aghalabu ni wa bidhaa peke yake.

Dalili ya nne: mnunuzi wa dhahabu anataja bei iliyo chini sana ya hesabu yako

Sasa tugeukie dhahabu, ambako kosa lilelile la 1.097 linauma zaidi. Mchimbaji wa Geita au Chunya hupima na kuuza kwa gramu. Bei ya dunia, ile anayoiona kwenye simu, hutajwa kwa dola kwa aunsi. Katikati pana daraja la kuvuka, na mtandao ukiulizwa "aunsi moja ni gramu ngapi" bila kutaja dhahabu, unajibu 28.35. Ni jibu sahihi kwa swali lisilo lake.

Tufanye hesabu kwa bei niliyoichagua ili namba zisomeke vizuri, si bei ya leo: dola 3,110.35 kwa aunsi. Ukigawa kwa 31.1035 unapata dola 100 kwa gramu. Ukigawa kwa 28.35 unapata dola 109.7. Mchimbaji ana gramu 50. Kwa hesabu ya pili anatarajia dola 5,485. Anafika sokoni, dhahabu inawekwa kwenye mashine ya kupima usafi, mnunuzi anamwambia dola 4,500. Pengo ni karibu dola elfu moja. Ukiwa wewe huyo mchimbaji, una kila sababu ya kuona unaibiwa.

Gawanya 5,485 kwa 4,500. Jibu ni 1.219, kubwa kuliko 1.097, kwa hiyo aunsi peke yake haitoshi kueleza. Itoe aunsi kwanza: 1.219 gawa kwa 1.097 inabaki 1.111. Sasa itazame risiti ya usafi. Imeandikwa asilimia 90. Bei ya dunia ni ya dhahabu safi. Katika gramu 50 za usafi wa 90, dhahabu safi ni gramu 45, na moja gawa kwa 0.90 ni 1.111. Pengo lote limeelezeka. Gramu 45 kwa dola 100 ni dola 4,500, na mnunuzi huyu hajakata hata senti.

Kwa kawaida atakata. Tuseme mwingine ametaja 4,275. Gawa 5,485 kwa namba hiyo upate 1.283, gawa kwa 1.097, gawa tena kwa 1.111, inabaki 1.053. Hapo ndipo pa kuulizia. Anachukua dola 5 katika kila 100 za thamani halisi, na unastahili kujua ni ngapi zinazokwenda serikalini na ngapi ni faida yake. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza, makato hayo huonekana kwenye karatasi. Unaweza kusema kwa utulivu, "Mzee, aunsi nimeielewa, usafi nimeuona, hii tano iliyobaki ni ya nini na nini?" Swali hilo lina jibu, na mnunuzi mwaminifu atakuonyesha mstari kwa mstari. Kuingia na madai ya dola 5,485 kunakumaliza nguvu, kwa sababu atakuonyesha kosa lako la aunsi mbele ya watu, kisha hata lile dai lako la haki halitasikilizwa.

Anayeuza Dubai au kununua huko atakutana pia na tola, gramu 11.66, ambayo ni tatu ya nane ya aunsi ya troi. Kipande cha tola kumi ni gramu 116.6. Usiitafute kwenye mizani ya mfukoni kwa alama ya `tl`: mara nyingi hiyo ni kipimo cha Kichina cha gramu 37 na kidogo, zaidi ya tola tatu.

Dalili ya tano: uwiano ni 1.09, lakini hujui ni upi

Hii ndiyo inayowapotosha hata wazoefu. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 22, inayopendwa sana kwa bangili na mikufu ya pwani na Ghuba, ina sehemu 22 za dhahabu katika 24. Gawa 24 kwa 22 upate 1.091. Uwiano wa aunsi mbili ni 1.097. Ukiwa na mizani ya gramu nzima nzima, makosa haya mawili yana sura moja, na unaweza kumlaumu mtu kwa usafi wakati kosa ni la aunsi, au kinyume chake.

Ili uyatenganishe unahitaji kupima vizuri zaidi ya tofauti yao, ambayo ni kama gramu sita katika elfu moja. Pete ya gramu 5 kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu haitakufikisha: hatua moja tu ya kioo ni asilimia 2 ya pete. Mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha, ilimradi imewekwa mahali tambarare pasipo upepo wa feni. Na kama huna mizani hiyo, kusanya vitu kadhaa vya karati ileile uvipime pamoja, gramu 40 au 50 kwa mkupuo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Krugerrand, sarafu ya Afrika Kusini iliyoanza kutolewa mwaka 1967. Imepigwa maandishi ya aunsi moja ya dhahabu safi. Ukiiweka kwenye mizani inasoma gramu 33.93. Aliyejifunza juzi kwamba aunsi ya dhahabu ni 31.10 anashtuka, anadhani ni bandia au mizani imeharibika. Gawa 33.93 kwa 31.10: ni 1.091, si 1.097, kwa hiyo aunsi haihusiki. Sarafu hiyo ni ya karati 22. Imetiwa shaba ili isikwaruzike upesi, na uzito wa shaba umeongezwa juu ya aunsi kamili ya dhahabu. Maple Leaf ya Kanada, ambayo ni dhahabu safi karibu yote, inasoma gramu 31.1. Ukiziuza zote mbili kwa bei ya dhahabu iliyomo, unapaswa kulipwa sawa, na mnunuzi anayeipunguzia Krugerrand thamani kwa sababu "si safi" amekata karati ambayo uzito wa sarafu ulishailipa.